Kushuka Kitonga bila kuunguza rimu na matairi

Kamwene, kamwene! Karibuni tena wazee wa barabara. Mnaonifahamu mnajua mimi ni fundi tairi hapa Ilula, nauza tyubu, flapu, geji za upepo na hii bunduki ya kupima joto niliyoshika. Leo sipo dukani. Nipo kwenye Fuso ya mteja wangu, nimempakilia matenga ya nyanya, gari na mzigo tani 15 hivi, na tunashuka Kitonga kuelekea Mahenge. Kamera ameshika mjomba wangu, kwa hiyo ikitikisika msinitukane mimi.

Upepo, karanga za tairi, mafuta ya breki: nimeshakagua, nyie mnajua. Tuingie kwenye jambo lenyewe.

Kwanza tujue joto linatoka wapi. Gari la tani 15 likishuka mita 100 za wima, yaani kwenda chini, siyo urefu wa barabara, nguvu inayopaswa kumezwa ili lisiongeze mwendo inatosha kuchemsha ndoo mbili za maji za lita 20 na jagi moja juu. Sehemu kidogo inaliwa na upepo na barabara. Iliyobaki, kama umekalia pedali tu, inaingia yote kwenye shuu na drami. Drami imekaa ndani ya rimu kama sufuria ndani ya sufuria. Joto linahamia kwenye rimu, rimu inalipeleka kwenye shingo ya tairi pale penye waya, na tyubu na flapu zimelalia hapohapo. Ndiyo maana unakuta tairi la nje linang'aa zima, ukilifungua flapu imegandana na rimu kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango.

Sasa breki ya egzosti. Kuna kilango kwenye bomba la moshi. Ukivuta swichi hii hapa kwenye steringi, kilango kinajifunga, injini inabanwa na pumzi yake yenyewe na inayazuia magurudumu kupitia gia. Joto lake linatokea kwenye bomba na rejeta, mbali na matairi. Dizeli bila kilango hicho inazuia kidogo tu, kwa hiyo usijidanganye kwamba gia peke yake imemaliza kazi.

Hapa tumesimama juu, kabla mteremko haujaanza. Sikilizeni, hapa ndipo nilipowahi kuaibika: GIA UNACHAGUA HUKU JUU. Miaka ile bado naendesha, nilianza kushuka na gia ya nne, katikati nikaona mwendo umenizidi, nikakanyaga klachi nishushe ya tatu. Gia ikakataa. Nikajaribu kurudi ya nne, nayo ikakataa, maana magurudumu yalishapata kasi kuliko injini. Nikabaki fri, breki ya egzosti imejizima maana klachi ilikuwa chini, nimebaki na pedali peke yake. Harufu ya shuu niliyoisikia siku ile sijaisahau. Nilisimama, Mungu mkubwa, lakini nililala palepale na tyubu mbili zimeenda.

Kwa hiyo: gia huku juu. Mjomba, andika kwa maandishi makubwa kwenye video. Gia huku juu.

Gia ipi? Wazee walisema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kwa magari ya zamani sawa. Haya mapya yana injini kubwa, yanapanda na gia ndefu, kwa hiyo mimi nashusha gia moja zaidi chini ya hiyo. Leo natumia ya pili. Mwenye haraka na anipite.

Twende. Swichi nimevuta, mnaona taa ya dashibodi imewaka. Mguu wa kulia hauko kwenye mafuta, wa kushoto hauko kwenye klachi. Ukigusa kimojawapo, breki ya egzosti inajizima. Sindano ya mizunguko iko juu, na ndivyo tunavyotaka, maana kilango hakina nguvu injini ikizunguka polepole. Ila isiguse nyekundu. Ikikaribia, unatumia breki ya mguu.

Na mguu wenyewe unatumika hivi. Mwendo wangu salama hapa ni 30. Ikifika 30, nakanyaga kwa nguvu ya kueleweka kama sekunde tatu, inashuka mpaka 22 hivi, naachia kabisa. Gari linapanda tena taratibu, drami inapumua. Kukanyaga kidogokidogo muda wote ndiko kunakopika. Drami ikipata moto inatanuka, inajitenga na shuu, ndiyo unaona pedali inazama. Pedali ikianza kuzama, simama mapema pale penye nafasi, usisubiri kona ijayo.

Ah, huyu wa basi naye... Pita kaka, pita.

Kukiwa na mvua na gari ni tupu, kuwa mwangalifu. Injini inazuia magurudumu ya nyuma tu, yanaweza kuteleza. Hapo nazima swichi, natambaa na gia.

Haya, tuko chini. Nimeegesha, mawe yamewekwa. Msikimbilie maji! Ukimwagia drami ya moto, inapasuka. Na usiguse upepo. Tairi lililokuwa na paundi 100 asubuhi kwenye baridi ya nyuzi 25, hewa ya ndani ikifika 80, geji inasoma 121. Hiyo ni kawaida. Ukipunguza sasa, jioni likipoa litakuwa na upepo pungufu, na tairi lenye upepo pungufu linajipasha lenyewe kwa kujikunja.

Kupima: lenga rimu penye rangi au vumbi. Chuma kinachong'aa kinaidanganya bunduki, inasoma chini. Kulia mbele, 54. Kushoto mbele, 57. Kulia nyuma, 68. Kushoto nyuma...

Mjomba, sogea. Hapana, rudi! Rudi nyuma kabisa. 131.

Tulieni hapa. Usisimame mkabala na gurudumu kama hili, si ubavuni wala mbele yake. Na kumbukeni, gari likisimama rimu huendelea kupanda joto dakika kadhaa, kwa sababu hakuna upepo wa kuipoza na drami bado inamwaga moto. Tairi linaweza kupasuka mkiwa mnakunywa chai.

(Nimekata video. Imepita saa moja na nusu.)

Tumerudi, 41 sasa. Magurudumu matatu yakiwa kati ya 54 na 68, moja likawa 131, kosa si la mteremko. Hilo moja limeshikwa. Nimeweka jeki, gia fri, nalizungusha kwa mkono: mnaliona, linakwamakwama. La upande wa pili linazunguka vizuri. Nimefungua drami. Mjomba, leta kamera, sasa ruksa. Ona springi ya kurudisha shuu, imekatika vipande viwili. Shuu ilikuwa inasugua tangu Ilula, hata nilipokuwa sijakanyaga.

Na flapu ndiyo hii. Imeshaanza kugandana.

Springi sikuja nayo, iko dukani Ilula. Mwenye nyanya ananipigia simu sasa hivi, ngoja nimpokee.