Kazi Sita za Kesho Huamuliwa Jioni

Habari za jioni, ndugu zangu, na asanteni kwa kubaki hadi saa hizi.

Karatasi hii niliyoshika ina mistari sita tu. Niliiandika jana kabla sijainuka kwenye meza yangu. Njia yenyewe wengi wenu mnaijua, pamoja na kisa chake. Husimuliwa kwamba mwaka 1918 Charles Schwab, aliyekuwa anaongoza kampuni ya chuma ya Bethlehem huko Marekani, alimwomba mshauri aitwaye Ivy Lee awasaidie mameneja wake wafanye kazi nyingi zaidi. Lee akawaambia kila jioni waandike kazi sita za kesho, wazipange kwa uzito, asubuhi waanze na ya kwanza, na wasiiguse ya pili hadi ya kwanza iishe. Zitakazobaki ziingie kwenye orodha ya jioni inayofuata. Hakudai malipo papo hapo. Baada ya miezi mitatu, kisa kinasema, Schwab akamwandikia hundi ya dola 25,000.

Watu husikia kisa hicho wakadhani kazi yote iko asubuhi, kwenye ile nidhamu ya kutoruka mstari. Mimi nimeitumia njia hii kwa miaka, nimewafundisha na wenzangu, na ninachokiona ni kwamba orodha nyingi zinazoshindwa huwa zimekwisha kushindwa jioni, wakati kalamu iko mkononi.

Niwape mfano. Kuna dada mmoja tuliyefanya naye kazi, mhasibu hodari sana. Orodha yake ya kwanza ilianza na "ripoti ya robo mwaka". Ya pili ilikuwa "mkataba wa ofisi", ya tatu "barua pepe", ya nne "mafunzo ya wafanyakazi wapya", ya tano "kikao na mkaguzi saa nne", na ya sita "kupanga mafaili". Jumatatu hakuvuka namba moja. Jumanne vilevile. Jumatano alikuja kwangu na ile karatasi imejaa mikunjo, akaniambia, "Kaka, hii njia yako imenifunga miguu. Mafunzo yanakaribia na siruhusiwi hata kuyagusa."

Alikuwa sahihi. Ukifuata mpangilio bila kuruka, mstari mmoja ulioandikwa vibaya unazuia yote yaliyo chini yake. Tukakaa, tukaipitia mistari yake mmoja mmoja.

"Ripoti ya robo mwaka" ni jina la mzigo. Ndani yake mlikuwa na kazi tisa au kumi, na nyingine zilihitaji takwimu ambazo hazijafika. Nikamuuliza: kesho ukikaa kwenye kiti, mkono wako utafanya nini kwanza? Akasema atafungua lahajedwali ya matumizi ya Machi na kuoanisha jumla zake na taarifa ya benki. Basi hiyo ndiyo namba moja: "Oanisha matumizi ya Machi na taarifa ya benki, andika tofauti zote." Ina mwanzo, ina mwisho unaoonekana, na inakwisha kwa saa moja na nusu hivi. Kipimo ninachokitumia ni hiki: mtu mwingine akiusoma mstari wako, aweze kukuambia kama umemaliza au hujamaliza. "Barua pepe" haipiti kipimo hicho, maana barua pepe haziishi. "Mjibu msambazaji kuhusu ankara mbili zilizogongana" inapita.

Mkataba ulikuwa na tatizo lingine. Ulikuwa unasubiri sahihi ya mkurugenzi, na sahihi ya mtu mwingine huwezi kuimaliza wewe. Kilicho mikononi mwako ni kuufikisha. Tukaandika: "Peleka mkataba kwa mkurugenzi ukiwa na alama kwenye kurasa tatu za kusaini." Ukishaufikisha, umemaliza, piga mstari. Kufuatilia kukihitajika, kutakuwa kazi ya siku nyingine.

Kikao cha saa nne tulikiondoa kabisa. Jambo lenye saa yake linakaa kwenye kalenda. Ukilichanganya na orodha, litavunja mpangilio kila siku, kwa sababu saa nne ikigonga utaondoka hata kama bado uko namba mbili.

Sasa kupanga kwa uzito. Hapa watu huweka juu iliyo nyepesi, au ile ambayo bosi aliitaja mwisho. Mimi huuliza swali moja: kesho nikijaliwa kumaliza moja tu kati ya hizi, iwe ipi? Hiyo naiandika ya kwanza. Kisha naisahau, nauliza tena kwa tano zilizobaki, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Dada yetu alipofanya hivyo, mafunzo yalipanda kutoka namba nne hadi namba mbili, na mafaili yakaanguka nje ya sita zote. Yeye mwenyewe alishangaa. Alikuwa ameyaandika mafaili siku tatu mfululizo kwa mazoea tu.

Sababu ya kutoruka mstari ipo, na imechunguzwa. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akiiacha kazi kabla haijaisha akahamia nyingine, sehemu ya akili yake hubaki kule alikotoka, na ile ya pili inafanyika vibaya zaidi. Kwa hiyo mtu anapokukatiza, liandike alilotaka nyuma ya karatasi, na kama si la dharura rudi kwenye namba ileile uliyokuwa nayo. Usitumie usumbufu kama daraja la kuhamia kazi unayoipenda zaidi. Nasema hivyo kwa sababu huo ndio mtego ulioninasa mimi kwa muda mrefu.

Na viporo? Kazi isiyokwisha inahamia kesho, lakini haihami na namba yake; inashindanishwa upya na nyingine. Ikihamia jioni ya tatu, mimi siiandiki tena kama ilivyo. Ama ni kubwa mno na lazima ikatwe, ama si yangu na nimpe mwenyewe, ama ukweli ni kwamba sitaifanya, na niwaambie wanaoisubiri.

Mama pale mbele alikuwa ameinua mkono. Karibu. *(Msikilizaji aliuliza kuhusu muuguzi wa wodini, ambaye kazi zake zinaletwa na wagonjwa.)*

Ahsante sana, mama, swali hilo ni zito. Kwa muuguzi akiwa zamu, mpangilio mkali haufai na asijaribu. Mgonjwa aliyezidiwa hapangiwi namba. Njia hii inamfaa mwenye kumiliki saa zake, na kwa kiwango anachozimiliki tu. Kama kwa siku nzima una saa moja tulivu ya kuandika taarifa, orodha yako iwe na mistari miwili, uifuate kwa ukali uleule ndani ya saa hiyo. Sita ni kikomo cha juu, si deni.

Kijana pale nyuma? *(Aliuliza kama orodha iandikwe kazini au kitandani.)*

Mimi huandika kabla ya kuondoka mezani, kwa sababu muda huo bado nakumbuka nilipoishia, hadi mstari wa lahajedwali. Lakini kama wewe ni mtu wa kugeukageuka usiku, kitandani nako kuna faida. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor waliwachukua watu 57 kwenye maabara ya usingizi, wakawapa dakika tano za kuandika kabla ya kulala. Walioandika kazi zinazowangoja walipata usingizi kama dakika tisa mapema kuliko walioandika walizokwisha kufanya, na kadiri mtu alivyoandika kazi hizo kwa kina, ndivyo alivyowahi zaidi kulala. Kwa hiyo ukiandika kitandani, usiandike "ripoti". Andika ni ukurasa gani.