Jengo Lisigeuke Kichezeo: Kupima Ukungu wa Fokasi

Ndugu zangu wasanifu, tazameni picha hii ukutani, iliyotengenezwa kwa programu ya Blender. Ni jengo la ghorofa nne, kuta na vivuli vimekaa sawasawa, lakini ukiitupia jicho unaona kielelezo cha kadibodi juu ya meza. Kinachoiponza ni ukungu wa fokasi.

Jicho limezoea kwamba mandhari ya nyuma hupata ukungu mzito pale kamera inaposogelea sana kitu kidogo. Likiuona ukungu huo nyuma ya jengo, linaamua kuwa jengo ni dogo.

Tupige hesabu. Lenzi ni ya milimita 35, sensa ina upana wa milimita 36, kamera iko mita 30 kutoka ukuta wa mbele, na tumeweka f/8. Upana wa ukungu kwa vitu vya mbali kabisa ni takriban:

```
35² / (8 × 30000) = 0.005 mm
```

Kwenye picha yenye upana wa pikseli 4000, hiyo ni kama nusu ya pikseli. Haionekani. Hata ukifungua lenzi hadi f/1.4, utapata pikseli tatu hivi. Picha hii ina zaidi ya 60! Zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye skeli. Jengo liliingizwa kwenye Blender likiwa limepungua mara 100, kwa hiyo kamera iko sentimita 30 tu kutoka ukutani, ilhali lenzi ni ileile. Kwa umbali huo eneo lenye fokasi lina kina cha sentimita 3 hivi, sawa na mita 3 za jengo halisi. Baraza limetulia, ukuta wa nyuma umeyeyuka.

Basi kabla ya kugusa kamera, pima mlango. Usiposoma karibu mita 2.1, kuza jengo zima kwanza. Ndipo uwashe Depth of Field, uelekeze Focus on Object kwenye ukuta wa mbele, na uweke F-Stop 8. Kama kukuza hakuwezekani, zidisha F-Stop mara 100. Namba 800 inashangaza, lakini hesabu inaikubali.

Kuna ukungu mwingine unaonikera zaidi, ule unaopakwa baadaye juu na chini ya picha. Huo unafuata kimo cha picha, wala haujui umbali. Utautambua kwenye mnara: chini pako wazi, kileleni pana ukungu, ingawa vyote viko karibu umbali mmoja na kamera. Ufuteni.

Kwa picha za kutoka angani, zimeni Depth of Field kabisa. Umbali uonyesheni kwa utusitusi mwepesi wa hewa, unaopunguza ukali wa rangi za majengo ya nyuma huku kingo zake zikibaki wazi.