Barua ya kumtuma mtu akuchukulie hela: jina lake, mipaka yake, na tarehe ya kufa kwake

Haya, asanteni kwa kunikaribisha, mafundi na mama zangu wa ushonaji mlioko huku nyuma naomba msogee kidogo maana mwanga ni hafifu. Mimi nimekaa dirisha la malipo miaka mingi, kazi yangu ilikua kulipa watu, kwaiyo leo nataka niwaelezee barua yako ya idhini inavyoonekana upande wa yule anayeipokea, sio upande wako wewe unayeiandika, kwa sababu shida yote ndo inaanzia hapo.

Nianze na moja niliyoilipa mimi kwa mkono wangu. Fundi mmoja wa mbao alitutengenezea meza 4 kwa shilingi 180,000 kila moja na viti 12 kwa shilingi 60,000 kila kimoja. Piga hesabu, meza laki saba na elfu ishirini, viti laki saba na elfu ishirini vilevile. Alileta invoisi mbili, ya meza mwezi wa tatu, ya viti baadae vilipokamilika. Siku ya malipo ya meza alikua na kazi mbali akamtuma kijana wake wa karakana na barua, nayo ilisema hivi: "Namruhusu kijana wangu," akaweka jina moja tu, "ashughulikie malipo yangu hapo ofisini." Sahihi, namba ya simu, basi. Nikailinganisha sahihi na ile ya kwenye mkataba, inafanana, nikalipa, kijana akasaini vocha, barua nikaiweka kwenye faili.

Mwezi wa sita kijana yuleyule akarudi, anasema kaja kufata ya viti. Nikafungua faili, barua ipo, jina lipo, sura naijua, nikalipa. Wiki mbili hazijaisha fundi mwenyewe huyo hapa anauliza hela ya viti iko wapi. Kumbe fundi alishamfukuza kazi yule kijana tangu mwezi wa nne! Nilihisi mwili umepoa jamani. Fundi analalamika kwa haki kabisa kwamba yeye alimtuma mara moja tu, na ni kweli kichwani mwake ilikua mara moja tu, lakini barua haikusema hivyo, ilisema malipo yangu, na viti ni malipo yake. Ofisi ikagoma kulipa tena na ile 720,000 hakuiona.

Hapo ndo kuna jambo nataka mlishike. Mpaka uliouweka kwa mdomo ukiwa na kijana wako karakana, mlipaji hajausikia. Yeye ana karatasi tu. Na Sheria yetu ya Mikataba, ile Sura ya 345, inaenda hivyohivyo, ukimfuta wakala wako, kwa mtu wa tatu kufuta huko kunahesabika pale atakapojua, sio siku ile uliyomfukuza kijana. Kwaiyo una njia mbili, ama ukimbie kila ofisi aliyowahi kupeleka barua yako ukawaambie simtambui tena (na nani anakumbuka zote?), ama barua yenyewe iwe na tarehe ya mwisho ijifute yenyewe hata kama umesahau. Ile ya fundi ingesema mwisho tarehe 16 mwezi wa tatu, mimi mwezi wa sita ningemrudisha kijana pale pale mlangoni.

Sasa tarehe uweke ya lini? Wengi wakishaogopa wanaandika leo kwa leo, afu mweka saini wa ofisi hayupo, hela haitoki, barua imekufa bure na mtu wako karudi mikono mitupu. Piga simu kwanza uulize malipo yako tayari au bado, yakiwa tayari weka siku tano za kazi hivi. Zikipita andika nyingine, karatasi haina gharama. Na usiandike "siku tano" peke yake maana tutabishana zinahesabiwa toka lini, andika tarehe yenyewe, mwezi na mwaka.

Upande wa utambulisho, jina moja halitoshi kabisa, ma-Juma wangapi hapa. Andika majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, na namba ya NIDA tarakimu zote 20. Zile 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwaiyo keshia anayejua kazi anaangalia kama zinalingana na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, zikipishana anasimama hapohapo. Za kwako wewe unayemtuma ziwepo pia. Kopi za vitambulisho ukiambatanisha, andika juu ya kopi kwa peni, ikatize kwenye picha kidogo, "kwa ajili ya kuchukua malipo ya invoisi namba fulani tu" na tarehe, ili isije ikatumika kwingine. Na mkumbuke barua ya mwenyekiti wa mtaa inasema tu huyu ni mkazi wetu tunamfahamu, haisemi kwamba wewe umemtuma, watu wengi wananiletea ile wakidhani imetosha.

Namba ya simu iliyo kwenye barua mimi siipigi. Mwenye nia mbaya ataweka ya mwenzake ajibu "ndiyo mimi ndo fundi, mlipe". Napiga ile iliyo kwenye mkataba. Kwaiyo ukibadilisha laini, uje uwaambie ofisi kabla.

Nikiirudia barua ya yule fundi, ningeiandika hivi: "Mimi," majina matatu na NIDA, "namruhusu," majina matatu na NIDA ya kijana, "kupokea fedha taslimu shilingi 720,000, laki saba na elfu ishirini, za invoisi namba 014 ya meza 4, mara moja tu. Haruhusiwi kupokea malipo mengine, kubadilisha akaunti wala kumtuma mtu mwingine. Mwisho wa barua hii ni tarehe 16 Machi 2018." Sahihi kama ya kwenye mkataba. Neno "kushughulikia" mlitoe kabisa, linameza kila kitu. Ukiandika "kupokea" ni kupokea, hajapewa ruhusa ya kukubali akatwe hela wala kusaini kwamba mmemalizana.

Nyaraka nazo ni hivyohivyo, tena hapa watu wanajisahau kwa sababu hawaoni hela. Unamtuma mtu afate mkataba, andika ni mkataba gani, namba yake, orijino au kopi, kurasa ngapi, na kwamba anachukua tu, hasaini chochote zaidi ya daftari la kupokelea. Ila kuna ofisi hawakubali barua hata iwe nzuri vipi, wanataka mwenyewe, kwaiyo uliza kabla hujampa mtu nauli.

Na ukifika dirishani siku nyingine mwenyewe, omba barua yako ya zamani igongwe "imetumika" na namba ya vocha iandikwe juu yake. Mimi baada ya ile ya viti nikawa nagonga zote.

Mama ameuliza hapa, mzee aliandika barua ya kumruhusu mwanae, kabla ya malipo mzee akafariki, tarehe ya barua bado haijapita, mtoto anaweza kuchukua? Hapana mama. Uwakala unaisha na aliyeutoa. Hiyo hela sasa ni ya mirathi, anayeipokea ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na mtoto akienda na ile barua akanyamaza kuhusu msiba, anajiingiza kwenye kesi na ndugu zake.