Kabla ya Prednisoloni, Fikirini Mnyoo

Ndugu madaktari na maafisa tabibu, wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema hili, na nitaendelea kulisema maadamu prednisoloni inaandikwa bila swali hata moja kuhusu mnyoo wa utumbo aitwaye strongiloidi.

Minyoo wengine wa utumbo huzeeka na kufa mtu asipoambukizwa tena. Huyu hana haja ya kurudi udongoni. Jike hukaa ndani ya ukuta wa utumbo mwembamba, hutaga mayai bila dume, na baadhi ya mabuu hukomaa kabla ya kutoka na kinyesi, wakapenya upya ukuta wa utumbo mpana au ngozi ya makalioni. Wanajeshi wa Uingereza walioshikwa mateka na Wajapani na kulazimishwa kujenga reli ya Siamu na Burma katika miaka ya 1942 na 1943 walikutwa na mnyoo huyu miongo kadhaa baadaye, wakiwa kwao Uingereza. Kinga ya mwili haikummaliza, bali ilidhibiti idadi yake tu, na steroidi kama prednisoloni huondoa udhibiti huo.

Chukueni mkulima wa mpunga mwenye kilo 60, anayekohoa na kukoroma kifua. Mabuu hupitia mapafuni, kwa hiyo huenda kikohozi chenyewe ni cha mnyoo, lakini tunaandika pumu na kumpa prednisoloni. Anapata nafuu kidogo, kisha anazidiwa. Tunaongeza dozi, na hapo ndipo ugonjwa hulipuka kabisa. Mabuu sasa wanapenya kwa maelfu wakibeba bakteria wa utumboni, na mgonjwa anaingia wodini na tumbo lililojaa gesi, bakteria kwenye damu, pengine homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na E. coli. Mtu mzima mwenye E. coli kwenye maji ya uti wa mgongo, na hajapasuliwa wala kuumia kichwa! Pimeni makohozi yake kwa hadubini. Mtawaona mabuu wakijinyonganyonga.

Mtaniambia kwamba choo kilikuwa safi. Kipimo kimoja cha choo huwakosa wengi, kwa kuwa mabuu hutoka wachache na kwa vipindi. Mtaniambia kwamba eosinofili hazikupanda. Steroidi ndizo zilizozishusha. Mtaniambia kwamba alikunywa albendazoli ya kampeni. Dozi moja ya dawa hiyo haitegemewi kumwondoa mnyoo huyu.

Mkulima wetu alihitaji ivamektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo, yaani vidonge vinne vya miligramu 3, kabla ya steroidi au pamoja nayo ikiwa haiwezi kusubiri. Ugonjwa ukishalipuka, dawa hutolewa kila siku hadi choo na makohozi vikae wiki mbili bila mabuu, pamoja na antibiotiki, na steroidi ipunguzwe inapowezekana.

Muda umenibana, ila wenzetu wa misitu ya Kongo wapime kwanza loaloa kwenye damu, maana ivamektini kwa mwenye vimelea vingi vya loaloa inaweza kudhuru ubongo.