Tarawehe Ikitoka Ndiyo Ufungue: mhadhara kwa wauza nguo wa Kisumu

Assalamu alaykum, na wale wa habari zenu, habari zenu pia. Wengi hapa mshanisikia nikilia na hii mambo ya masaa ya duka mwaka jana na mwaka juzi, na bado Ramadhani ikiingia nikipita mjini naona karatasi mlangoni: "Ramadhani ofa, tuko wazi mpaka saa tatu usiku." Saa tatu! Hiyo ni kama kufungua hoteli asubuhi yote halafu unaifunga saa sita mchana watu wakianza kusikia njaa.

Wacha niwaambie vile mimi mwenyewe nilipigwa. Mwaka wangu wa kwanza kuuza mabuibui na kanzu, nilikuwa na rafiki Mombasa mwenye duka kama langu, nikamuuliza masaa yake, akanitumia kwa Watsapu na mimi nikayabandika vile yalivyo. Tena nikaongeza ujanja wangu, nikaandika "Njoo tufuturu dukani, tende na maji bure", na saa ya kufuturu nikaitoa kwa ratiba ya Nairobi niliyoipata kwa simu. Siku ya kwanza watu wako na tende mkononi, mimi naangalia saa, nasema haya bismillahi. Mzee mmoja wa Kaloleni akanishika mkono, akaniuliza, "Mwanangu, jua liko pale, unataka tulipe saumu wangapi hapa?" Nikageuka nikaliona jua lenyewe, jekundu, limekaa tu. Nilitamani niingie ndani ya mannequini. (Kicheko.) Mnacheka, lakini wawili walikuwa wamekula.

Sasa sikieni, hii si hadithi ya tende peke yake. Jua linaanza kuzama Mombasa, linakuja Nairobi, ndio linafika kwetu. Nairobi wanatutangulia kama dakika nane, Mombasa kama dakika ishirini, na ukienda Busia wao wako nyuma yetu dakika mbili tatu hivi. Kwa hivyo hizo ratiba za kutumiwa si zetu, chukua ile ya msikiti wako. Na mwaka huu wa 2026, Ramadhani ikiingia Februari tarehe 18 au 19, Magharibi ya hapa Kisumu itakuwa karibu saa moja kasoro dakika moja mbili, Isha kama saa mbili na dakika nane. Sasa ongeza adhana, watu kusubiriana, Isha yenyewe, Tarawehe, witri. Msikiti unaoswali rakaa nane unatoka karibu saa tatu, unaoswali ishirini unafika saa tatu na nusu na ikizidi kidogo usishangae. Rafiki yangu Mombasa wateja wake walikuwa wanatoka wakati wangu bado wako kwa sijida. Na mimi nafunga saa tatu! Nilikuwa nafunga mlango, nikipanda tuktuk naona watu wanatoka msikitini na watoto wao, wamevaa vizuri, wako na pesa, wananitazama nikienda nyumbani.

Kuna mtu atasema ah, hiyo ni maneno tu, mimi nauza jioni. Sawa. Toa simu yako. Kila meseji ya M-Pesa iko na saa, si ndio? Chukua usiku mmoja uzipange. Mimi nilifanya hivyo Jumanne moja: kutoka saa moja jioni mpaka saa tatu nilipata malipo matatu, moja ni jirani amenunua soksi. Wiki iliyofuata nikafungua saa tatu na robo mpaka saa tano na nusu, malipo kumi na nne, na karibu yote ni mama amekuja na watoto. Stima ni ile ile, msichana wa duka ni yule yule. Masaa nimeyahamisha tu.

Kwa hivyo vile mimi nafanya sasa: nafunga duka saa kumi na mbili na dakika kumi, ili mfanyakazi aliye na saumu apate kufika nyumbani kwa futari yake na sio kufuturu kwa stage. Nafungua Tarawehe ikitoka. Asubuhi siendi saa mbili, naenda saa tano, kwa sababu watu wamelala baada ya daku na mfanyakazi hawezi kusimama kutoka asubuhi mpaka usiku wa manane, utamuua. Na anayebaki mpaka saa tano na nusu namlipia boda mpaka mlangoni kwake. Hiyo nauli iweke kwa hesabu tangu mwanzo, usiikumbuke usiku.

Na karatasi ya mlangoni usiandike "ofa saa tatu". Andika "ofa baada ya Tarawehe". Imamu akirefusha, ofa inamsubiri mteja. Ukiandika saa tatu mpaka saa nne, mtu wa rakaa ishirini anafika amebakisha dakika ishirini tu, anakuona mwongo, na tena unaonekana ni kama unamwambia atoroke swala.

Haya, ofa yenyewe. Hapa ndio mnaniudhi zaidi. Buibui umelinunua 1,800, unauza 2,800. Faida ni 1,000. Unaandika diskaunti asilimia ishirini, umetoa 560, umebaki na 440. Sasa lazima uuze mabuibui mawili na zaidi ndio upate ile faida ya moja! Mimi situmii diskaunti. Nakaa na fundi na cherehani pale mlangoni, anakunja pindo bure, kwa sababu buibui nyingi zinakuja ndefu na mama hataki kuzunguka tena kesho kutafuta fundi. Namlipa fundi shilingi 100 kwa pindo. Nimebaki na 900 na mteja ameondoka na nguo ya kuvaa. Mwingine atasema wateja wanapenda kuona asilimia. Wanapenda, ndio, hata mimi napenda, lakini siwezi kulipa kodi ya nyumba na asilimia.

Mwenyekiti ananionyesha saa, sawa, nakimbia. Mishahara: Idi itakuwa tarehe 20 au 21 Machi, mshahara wa Machi watu hawajalipwa bado. Mshahara wanaonunulia nguo za Idi ni ule wa mwisho wa Februari, yaani kama kumi la kwanza likiisha, sio kumi la mwisho vile mmezoea. Nguo za watoto ziwe zimetoka kwa stoo wakati huo, na uchukue depositi kidogo uwawekee, wanamaliza pole pole.

Taa za solar, mambo ya usalama, hayo mniulize nje.

Ya mwisho, tafadhali. Jioni ya saumu ya 29 mwezi ukionekana, hakuna Tarawehe. Hiyo ratiba yote niliyowapa inakufa, watu wanaingia mjini mara tu tangazo la Kadhi Mkuu likitoka, na wote wanataka kitu cha kuvaa asubuhi. Siku hiyo sifungi duka Magharibi, wafanyakazi wote wako dukani, futari inaletwa hapo hapo, fundi wawili. Mwezi usipoonekana, tunangoja Tarawehe kama kawaida na kesho yake tunarudia, kwa hivyo mwambie fundi mapema kwamba ni siku mbili, asichukue kazi ya mtu mwingine.