Kampeni 12 kwa Bajeti ya Dola 30

NEEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tulipanga masomo matatu: kugawa makundi ya matangazo kwa mada, kutenganisha kampeni kwa eneo, na kuchagua aina ya ulinganisho wa maneno. Lakini niruhusu, kaka Elibariki, nianze na akaunti ya Google Ads niliyokabidhiwa wiki hii na kampuni ndogo ya hapa Moshi inayopandisha wageni Kilimanjaro. Bajeti yao ni dola 30 kwa siku, nami nimeikuta imegawanywa katika kampeni 12.

ELIBARIKI: Kwa msingi gani, dada Neema?

NEEMA: Maeneo yalikuwa matatu: Ujerumani, kisha Marekani na Uingereza kwa pamoja, halafu Tanzania kwa ajili ya wageni waliokwisha kufika wanaotafuta safari za siku moja, kama chemchemi ya Chemka na maporomoko ya Materuni. Kila eneo likagawanywa kwa simu na kompyuta, na kila kifaa kikagawanywa tena kwa ulinganisho kamili, unaotaka utafutaji wenye maana ile ile na neno lako, na ulinganisho wa kifungu, unaoruhusu maneno mengine kuongezwa. Kila kampeni ikabaki na dola 2.50 kwa siku, na kwa kuwa mbofyo mmoja unawagharimu kama dola 1.50, kwa wastani hakuna kampeni iliyoweza kununua hata mibofyo miwili kwa siku.

ELIBARIKI: Na maombi ya bei je?

NEEMA: Akaunti nzima hupata mibofyo kama 600 kwa mwezi, na watu wawili katika kila mia hujaza fomu. Hayo ni maombi 12, yaani ombi moja kwa kila kampeni. Zabuni ya kiotomatiki, yaani Google kupanga yenyewe kiasi cha kulipia mbofyo, hujifunza kutokana na maombi hayo, na ombi moja kwa mwezi haliifundishi kitu. Hata mimi nikitazama takwimu hizo kwa macho yangu, siwezi kusema kampeni ipi ni nzuri na ipi imepata bahati.

ELIBARIKI: Mimi ningeanza na swali la mada. Katika kampeni ya Ujerumani, njia za Machame, Marangu na Lemosho zilikuwa kundi moja au makundi matatu?

NEEMA: Kundi moja, na hapo ndipo mgawanyo ulipohitajika kweli. Anayetafuta Marangu mara nyingi anataka kulala kwenye vibanda vya Mandara na Horombo. Anayetafuta Machame anajiandaa kulala kwenye hema. Kichwa cha tangazo kina nafasi ya herufi 30 tu, kwa hiyo huwezi kuwajibu wote wawili kwa kichwa kimoja. Kipimo changu ni hiki: ikiwa makundi mawili yatatumia tangazo lile lile na kumpeleka mteja kwenye ukurasa ule ule, basi hayo ni kundi moja. Kwa kampeni nina kipimo kingine: naigawa pale tu ninapohitaji bajeti, lugha au mpangilio wa eneo ulio tofauti.

ELIBARIKI: Nakubali. Ujerumani ibaki peke yake kwa sababu ya lugha. Sasa tueleze kuhusu Tanzania.

NEEMA: Tanzania ndiyo iliyonishughulisha wiki nzima. Nilifungua ripoti ya maneno yaliyotafutwa, nikakuta fedha za safari za siku moja zimelipia watu waliokuwa wakitafuta hospitali ya Machame.

ELIBARIKI: Hospitali?

NEEMA: Ndiyo. Mtu yuko wilaya ya Hai, pengine ana mgonjwa, anaandika jina la Machame pamoja na hospitali, naye anaonyeshwa tangazo la safari ya siku moja. Lilinihuzunisha, kwa sababu tunamsumbua mtu mwenye shida ya kweli, na akibofya kwa haraka mteja wetu analipa. Neno lililokuwa kwenye akaunti ni hili la kwanza. Nimelibadilisha kwa la pili:

```
"machame"
"machame route"
```

ELIBARIKI: Na neno la hospitali umelizuia?

NEEMA: Nimelizuia, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Hili wasikilizaji walizingatie: neno la kuzuia halitanuki lenyewe kufuata maana kama linavyotanuka neno la kawaida. Ukizuia hospitali, hujazuia zahanati wala kituo cha afya. Nikaendelea hivyo na shule, nyumba za kupanga, na viwanja vinavyouzwa.

ELIBARIKI: Marangu nayo ina chuo cha ualimu.

NEEMA: Nacho kilikuwemo. Majina mengi ya njia za mlima ni majina ya vijiji vyetu, wanamoishi watu wenye mahitaji yao. Anayelenga Ujerumani hakutani sana na jambo hili. Anayelenga Tanzania hukutana nalo kila siku.

ELIBARIKI: Nina hakika haukuwa mwisho wake. Mpangilio wa eneo ulikuwaje?

NEEMA: Ulikuwa ule unaokuja wenyewe, "Presence or interest". Maana yake ni kwamba kampeni ya Tanzania ilimfikia aliyepo Tanzania na pia yeyote anayeonyesha kupendezwa na Tanzania. Mtu aliye Munich akitafuta Kilimanjaro, anaingia humo.

ELIBARIKI: Kwa hiyo kampeni ya safari za siku moja ilikuwa ikishindania Wajerumani wale wale na kampeni ya Ujerumani.

NEEMA: Na kuwaonyesha Chemka kwa Kiingereza, watu ambao hata tiketi ya ndege hawajakata. Utaligundua kwa kulinganisha mahali alipo mtumiaji na eneo ulilolenga katika ripoti ya maeneo. Nimeweka "Presence" peke yake.

ELIBARIKI: Sasa tuje kwenye simu. Hapo sikubaliani na kuunganisha. Mgeni aliyepo Moshi mjini anatafuta Chemka akiwa na simu mkononi, anataka kwenda kesho. Tovuti za kampuni nyingi ndogo ni nzito kwenye simu. Ningetenga bajeti ya simu ili mwenye fedha ajue inakwenda wapi.

NEEMA: Anayepanda mlima huanza kusoma kwenye simu na kujaza fomu kwenye kompyuta. Ukitenganisha, kampeni ya simu itaonekana imeshindwa ilhali ndiyo iliyomleta. Isitoshe, kwenye akaunti hii kitufe cha WhatsApp hakikuhesabiwa kabisa. Watu wa simu waliwasiliana, ripoti ikaandika sifuri.

ELIBARIKI: Hesabu kitufe, naunga mkono. Lakini hata kikihesabiwa, ukurasa mzito unabaki mzito, na mwenye kampuni hana fedha za kuutengeneza kabla ya wageni wa Juni. Mpaka hapo nitailinda bajeti yake.

NEEMA: Utailinda kwa kuigawa dola 15 na 15, na kila upande uwe na maombi sita kwa mwezi? Hutajua lolote.

ELIBARIKI: Nitajua kiasi nilichotumia kwenye simu. Kwa mfanyabiashara mdogo hilo ni jambo kubwa.

NEEMA: Hilo ripoti ya vifaa inakuonyesha bila kugawa chochote.

ELIBARIKI: Inanionyesha fedha ikiwa imeshatoka. Mimi nataka kikomo kabla haijatoka.

NEEMA: Siwezi kukuunga mkono, kaka.

ELIBARIKI: Nami sitaiacha hoja yangu, dada. Na muda umekwisha. Aina za ulinganisho hatujazigusa.

NEEMA: Hatutaziwahi leo. Niseme tu kwamba kwenye akaunti hii ulinganisho kamili na wa kifungu nimeviweka katika kundi moja, kampeni zimebaki tatu, na Tanzania nimeipa dola 6 kati ya 30.

ELIBARIKI: Mimi ningeipa 8, na zote ziende kwenye simu.