Chungu Kilichomruhusu Mpishi Aondoke Mekoni

Mabibi na mabwana, hamjambo. Naomba nianze na hiki nilichoshika mkononi. Ni kigae, kipande cha mdomo wa chungu, hakizidi kiganja cha mtoto. Nimekifinyanga, nikakichoma, nikapikia mara kadhaa na kukivunja mwenyewe, ili nikipitishe kwenu bila hofu ya kuharibu kitu cha kale. Kishikeni, mkigeuze, mkakinuse mkitaka. Wakati kinazunguka, nitawaeleza ninavyokisoma.

Jambo la kwanza ni upinde wa mdomo wake. Tuna karatasi iliyochorwa duara ndani ya duara, kila moja ikiwa na kipenyo chake. Unasimamisha kigae juu yake, mdomo ukiangalia chini, unakisogeza mpaka ukingo wake ukae sawasawa juu ya duara mojawapo. Hapo umepata upana wa mdomo wa chungu kizima. Kigae kikiwa kidogo mno upinde haujionyeshi, na mtu anaweza kukosea kwa sentimita nyingi, kwa hiyo vile vidogo sana tunaviacha. Jambo la pili ni ukingo uliovunjika, maana hapo udongo unaonyesha tumbo lake: kama mfinyanzi alichanganya majani makavu, utaona vitundu vilivyobaki majani yalipoungua, kama alitia mchanga, utaona chembe zinazong'aa.

La tatu ni masizi, na hapa naomba tutulie kidogo. Chungu kilichokaa ndani ya moto wenyewe huwa na kitako kilichopauka, kwa sababu joto kali limeyala masizi yaliyokuwa pale, huku mabega yakibaki meusi. Basi mahali masizi yalipo panakwambia chungu kilikaaje mekoni. Lakini kabla ya kuamini weusi wowote, tazama ukingo uliovunjika. Masizi yakiwa yamepanda mpaka juu ya mvunjiko, moto ulikuja baada ya chungu kuvunjika. Pengine kigae kilitupwa kwenye majivu ya moto, pengine nyumba iliungua. Weusi huo hauna habari ya mapishi hata kidogo.

Sasa niwapeleke mahali ambapo kusoma kwa namna hii kumetupa karibu kila tunachokijua. Katika tambarare ya Konya, nchini Uturuki, kuna kilima kiitwacho Çatalhöyük. Si kilima cha asili. Ni nyumba juu ya nyumba, zilizojengwa kwa matofali ya udongo tangu mwaka 7100 hivi kabla ya Kristo mpaka karibu na 5950. Kina eneo la hekta 13 na kimo cha karibu mita 20. Watu wale waliishi zaidi ya miaka 2,000 kabla ya maandishi kuanza mahali popote duniani. Hakuna jina la mji, la mtu wala la mungu lililotufikia. Nyumba zilibanana bila njia kati yake, nao waliingia kwa kushuka ngazi kutoka darini. Tanuri na meko vilikuwa kwa kawaida upande wa kusini, chini ya tundu lile lile la ngazi, ili moshi upate pa kutokea. Wafu wao waliwazika chini ya sakafu, hasa chini ya majukwaa waliyolalia na kukalia.

Mwakiolojia wa kwanza kuchimba pale, James Mellaart, alifanya kazi kati ya 1961 na 1965. Alikuta vyumba vyenye michoro ukutani na mafuvu ya ng'ombe yenye pembe yaliyopakwa lipu, akaviita maabadi. Ni rahisi kuelewa kwa nini: ukiona pembe ukutani, akili inakimbilia ibada. Timu ya Ian Hodder, iliyoanza kazi mwaka 1993, iliuliza swali jingine: je, watu walifanya nini sakafuni? Walikata vipande vya sakafu pamoja na matabaka yake yote, wakavigandisha kwa gundi, wakavikwangua mpaka vikawa vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga, kisha wakavitazama kwa hadubini. Karibu na tanuri kulikuwa na majivu, chembe za makaa na vijipande vya mifupa, vimekanyagwa tabaka kwa tabaka. Upande wa majukwaa kulikuwa na lipu nyeupe safi, na mahali pengine alama za mikeka. Yale yaliyoitwa maabadi yalikuwa na moshi, majivu na uchafu wa jikoni kama nyumba yoyote. Watu waliishi humo, wakapika humo, na pembe zikiwa zinawatazama.

Kumbukeni kwamba hadubini ilihitajika kwa sababu sakafu zilifagiliwa. Watu wale walikuwa wasafi mno ndani ya nyumba. Walipaka lipu upya tena na tena, kuta nyingine zina mamia ya matabaka membamba. Na nyumba ilipofika mwisho wake waliifagia, wakaijaza udongo na matofali yaliyobomolewa, wakajenga nyingine juu yake. Kwa hiyo chungu unachokikuta katikati ya chumba mara nyingi si chungu cha chumba kile. Kimekuja na kifusi. Mchimbaji mgeni hufurahi akikipata, na kosa huanzia hapo. Habari za mapishi ziko hasa jaani, kati ya nyumba, mahali majivu ya jana yalipomwagwa juu ya majivu ya juzi.

Na katika majaa yale ndimo kulimojitokeza jambo lililonivuta niwaletee mhadhara huu. Katika matabaka ya chini kuna mipira ya udongo kwa wingi sana, mizima na iliyovunjika, mingi ikiwa ya kujaa mkononi. Vigae vya vyungu vipo, ila ni vichache, vinene, vimejaa vitundu vya majani yaliyoungua. Vyungu vya namna hiyo havifai mekoni: ukuta mnene wenye vitundu haupitishi joto vizuri. Huenda vilitunza vitu. Kisha, karibu na mwaka 6500 kabla ya Kristo, vigae vinabadilika. Vinakuwa vyembamba, vyeusi zaidi, udongo wake una chembe za mawe zinazovumilia moto, na masizi yanaanza kuonekana nje. Na kadiri hivyo vinavyoongezeka, mipira ya udongo inapungua.

Tafsiri iliyo na nguvu zaidi ni kwamba mipira ile ilipashwa moto na kutumbukizwa katika chakula, ndani ya kikapu kisichovuja au ngozi, vyombo ambavyo haviwezi kukaa motoni. Hebu tuipige hesabu, maana hesabu ndiyo iliyonionyesha siku ya mpishi yule. Mpira wenye kipenyo cha sentimita 6 una uzito wa gramu 200 hivi. Ukiutoa tanurini ukiwa na nyuzi 500, nao ukapoa majini mpaka nyuzi 100, unatoa kilojuli zipatazo 70. Lita 3 za maji, kutoka nyuzi 20 mpaka zichemke, zinataka kilojuli 1,000 hivi. Basi unahitaji mipira 14 au 15, na hapo hatujahesabu joto linalopotea hewani na kwenye kikapu. Na kuchemka si mwisho. Kunde au nafaka zinataka kuchemka kwa muda mrefu, na kikapu hakina moto chini yake. Kila baada ya dakika chache mpishi anatoa mpira uliopoa, anaurudisha tanurini, anachukua mwingine wa moto, anaukung'uta majivu, anautumbukiza. Chakula kile hakimruhusu kwenda popote.

Chungu chembamba kinakaa motoni chenyewe. Unapanga kuni, unafunika, unaenda kusaga, kusuka au kumbembeleza mtoto, unarudi kukoroga. Sonya Atalay na Christine Hastorf, waliochunguza vyakula vya Çatalhöyük, wamelisisitiza hili: chungu kilimpa mpishi mikono yake. Ninakubaliana nao, na nadhani ndilo badiliko kubwa la siku ya kawaida ambalo vigae vya mahali pale vinaweza kutuonyesha. Tazameni pia ilivyochukua muda. Ufinyanzi ulikuwapo kwa karne kadhaa kabla watu hawajaanza kupikia vyungu. Anayeandika kwamba “vyungu vimeonekana, kwa hiyo walianza kuchemsha vyunguni” hajatazama masizi.

Lakini mikono ya nani? Kigae hakisemi kama mpishi alikuwa mke au mume, na hapa wengi wetu hujazia kwa mazoea yetu. Jibu kidogo lilitoka chini ya majukwaa. Nyumba zile zilijaa moshi, na watu walioishi mpaka uzeeni walibeba masizi mapafuni. Mwili ulipokwisha kuoza kaburini, masizi yale yalibaki upande wa ndani wa mbavu kama utando mweusi. Yamekutwa kwa wanaume na kwa wanawake, bila tofauti iliyo wazi. Yaani wote walikaa ndani, karibu na moto, kwa muda unaokaribiana. Hilo halithibitishi kwamba wote walipika, maana mtu anaweza kukaa jikoni akichonga jiwe. Ila linaondoa ile picha ya mwanamke mekoni peke yake huku mwanamume akishinda nje.

Nimalizie na kilichokuwamo chunguni, kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa kila mahali. Kando ya kilima hiki kuna kingine cha magharibi, cha baadaye kidogo. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vyombo vyake vya karibu na mwaka 5900 kabla ya Kristo. Ndani yake kulikuwa na utando mgumu kama magadi ya birika, na katika utando huo protini zilikuwa zimehifadhiwa: za shayiri, ngano, njegere, na za maziwa ya ng'ombe, kondoo na mbuzi. Haina maana kwamba vyote hivyo vilikuwa mlo mmoja. Chombo hupikiwa mara nyingi na utando hujumlisha milo yote.

Mwaka wangu wa kwanza shimoni nilipewa ndoo ya maji na mswaki, nikaambiwa nisugue vigae mpaka ving'ae. Nilisugua majuma mawili. Masizi yaliondoka, ukoko uliondoka, na ule utando mweupe wa ndani niliufanyia bidii zaidi kwa kuwa ulikuwa mgumu. Ndivyo ilivyokuwa desturi katika machimbo mengi. Siku hizi, kwa kila kundi la vigae vya jaa moja, ninachagua vichache vya kitako na vya bega kabla maji hayajavigusa. Ninavishika kwa glavu, kwa sababu mafuta ya vidole vyangu nayo yataonekana maabara. Ninavifunga kwenye karatasi ya aluminiamu, ninachukua na konzi ya udongo uliovizunguka ili tujue kipi kimetoka ardhini tu, na ninaandika juu ya bahasha: visioshwe.